Kutua, kuanguka na kumkinga mwanafunzi: mwongozo kwa mwalimu wa jimnastiki ya mwanzo

Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha jimnastiki, niliwapanga watoto wa darasa la nne mbele ya sanduku la mbao lenye kimo cha goti, nikawaambia waruke mmoja mmoja hadi kwenye godoro. Binti mmoja alitua kwa visigino, mwili ukaelemea nyuma, naye akapeleka mkono nyuma ili ajizuie, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Godoro lilikuwepo, na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka pale alipoangukia. Nilikuwa nimemfundisha kuruka bila kumfundisha kuanguka, na mikono yangu ilikuwa imening'inia kwa sababu sikujua iwe wapi. Tangu siku hiyo naanza kila darasa jipya kwa mpangilio ninaoueleza hapa: kutua kwanza, kisha kuanguka nyuma, kisha kichwangomba cha chini, yaani kubingirika mbele, ambacho ndicho zoezi la kwanza linalohitaji mikono ya mwalimu kila mara.

Kabla ya mtoto wa kwanza kuruka

Tazama sehemu ya kutulia kabla ya kumtazama mwanafunzi. Shule nyingi hazina magodoro ya jimnastiki, na walimu hutumia magodoro ya kulalia ya sponji, ambayo yanafaa kwa kubingirika lakini ni hatari kwa kutua kwa miguu yakiwa laini mno, kwa kuwa unyayo huzama upande mmoja na kifundo cha mguu kikapinduka. Simama juu ya godoro kwa mguu mmoja. Ukiona unayumba, litumie kwa kubingirika tu, na kutua kufanyike kwenye mchanga uliochimbuliwa na kusawazishwa au kwenye godoro gumu. Magodoro mawili yakiwekwa pamoja yafungwe kwa kamba au yafunikwe kwa turubai moja, maana ule ufa wa katikati hunasa vidole vya miguu. Kwenye sakafu ya saruji, hakikisha godoro halitelezi.

Watoto wawe pekupeku, bila soksi, wakiwa na kaptura au suruali ya michezo. Pini za mtandio zitolewe na mtandio uchomekwe ndani ya fulana. Shanga za nywele zilizosukwa kisogoni zifunguliwe au zisogezwe pembeni, kwani ndizo huumiza wakati wa kubingirika, na mtoto anayeogopa maumivu hayo huinua kichwa wakati anapotakiwa kukikunja. Nawe vua saa na pete.

Hatua ya kwanza: kutua

Anza chini kabisa, bila sanduku. Mwanafunzi aruke wima mahali alipo, atue kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vifuate mara moja, huku magoti na nyonga vikikunjika pamoja mpaka awe kama mtu anayetaka kukalia kigoda lakini hajakifikia. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, magoti yaelekee kule vidole vinakoelekea, mikono iwe mbele, macho yatazame mbele wala si miguuni. Akae hapo akihesabu hadi tatu, kisha asimame. Kuhesabu huko si pambo, kwa kuwa mtoto ambaye hakutua sawasawa hawezi kutulia. Atapiga hatua, nawe utajua alielemea upande gani.

Yapo makosa mawili unayopaswa kuyawinda. La kwanza ni miguu mikavu isiyokunjika, na hili hulisikia kabla ya kuliona. Waambie darasa lote wafumbe macho wakati mwenzao anaruka, wasikilize kishindo. Kutua kwa mguu mkavu hutoa mshindo mmoja mzito, na nguvu yote hupanda hadi magotini na mgongoni. Kutua kwa magoti yaliyokunjika hutoa sauti ndogo ya nyayo tu. Baada ya vipindi viwili watoto husahihishana wenyewe kwa masikio. Kosa la pili ni magoti kuingia ndani yakikaribia kugusana, na hilo halisikiki, kwa hiyo simama mbele ya mwanafunzi ulitazame. Hapa maneno peke yake hayatoshi. Mimi huchora kwa chaki nyayo mbili zilizoachana, kisha huweka kanga iliyokunjwa kuwa duara kati ya magoti yake na kumwambia atue bila kuibana.

Mkiwa kwenye mchanga, usifute alama haraka. Mwite mwanafunzi azitazame nyayo zake: mashimo mawili ya kina kisiginoni yanaonyesha kwamba alitua akielemea nyuma, na mkwaruzo mrefu mbele ya vidole unaonyesha kwamba aliruka kwenda mbele badala ya juu.

Mtoto akitulia mara tatu mfululizo chini, apande kidato cha sentimita 20 hivi, kisha benchi la sentimita 40. Kwa wanaoanza sivuki kimo cha goti la mtoto mwenyewe, hata aniombe vipi. Kwenye benchi ndipo mkingaji anaposimama: si nyuma ya mwanafunzi wala mbele yake, bali ubavuni, mbele kidogo ya mahali atakapotulia, mguu mmoja ukitangulia na magoti yako yamekunjika. Mkono mmoja uwe mbele ya kifua chake na mwingine nyuma ya mgongo wake wa juu, yote miwili karibu bila kumgusa. Akielemea, mwili wake unakutana na kiganja chako. Usimshike kiganja wala kifundo cha mkono ili umsaidie kushuka, maana mtoto aliyeshikwa mkono humwegemea mwalimu na hajifunzi chochote, na akiteleza wewe ndiwe utakayemvuta bega. Ukilazimika kumshika, mshike juu ya kiwiko.

Hatua ya pili: kuanguka nyuma

Mtoto yeyote anayeanguka nyuma hupeleka mikono nyuma, viganja chini na viwiko vimenyooka. Huo ni mwitiko wa mwili, na hauondoki kwa kukatazwa. Ni lazima mwili upewe jambo jingine la kufanya. Mpe mwanafunzi mpira mdogo au sweta iliyofumbatwa, akumbatie kifuani kwa mikono miwili. Akae kwenye godoro, magoti yamekunjwa, kidevu kifuani, mgongo umepindwa kama ganda la nazi, abembee nyuma hadi mabegani na kurudi. Kisogo kisiguse godoro. Kikigusa, kidevu hakikukunjwa, na hapo huongezi kimo bali unarudia.

Bembea hiyo ikikaa sawa, aanzie kwenye kuchuchumaa: akaribishe makalio kwenye visigino, akae, abiringike nyuma. Kisha aanze akiwa amesimama, kisha baada ya kuruka mahali alipo, na wewe umsukume kidogo begani bila kumwambia ni lini. Mwisho mwondolee mpira, na hapo ndipo utakapojua kama somo limeingia. Nina wanafunzi waliofanya vizuri kabisa wakiwa na mpira, na mara tu ulipoondolewa mikono ikarudi nyuma. Hao hurudishiwa mpira kwa kipindi kimoja zaidi.

Hatua ya tatu: kubingirika mbele ukiwa mkingaji

Mahali pa hatari hapa ni shingo. Mwanafunzi abingirike kwa mgongo wa juu, na utosi usibebe uzito wowote. Kwa hiyo kwanza tengeneza mteremko: weka godoro juu ya benchi kwa upande mmoja, ili uzito umshukie mwenyewe na asihitaji kujisukuma. Weka kitambaa kidogo kati ya kidevu na kifua chake, na umwambie kisidondoke mpaka mgongo uguse godoro.

Kabla ya kumgusa mwambie utamshika wapi, na umwulize kama yuko tayari, kila mtoto na kila siku. Kisha piga goti moja upande wake wa kushoto, usawa wa mahali mabega yatakapotua. Mkono wako wa kushoto uwe kisogoni mwake, ukigusa tu. Mkono wa kulia uwe nyuma ya paja lake, juu ya goti. Anapoinua makalio, mkono wa pajani ndio unaofanya kazi: unanyanyua nyonga ili uzito uondoke kichwani na mikononi mwake. Mkono wa kisogoni huongoza kichwa kikunjike. Haukisukumi kamwe, kwa kuwa kuisukuma shingo inayobeba uzito ni kuitafutia jeraha. Mabega yakishagusa godoro, mkono wa kushoto huhamia mgongoni kumsaidia kuinuka.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi mikono inavyosoma mwili. Mvulana wa miaka 10, mzito kidogo, aliweka mikono vizuri, lakini kiganja changu cha kulia kilihisi paja likibonyea chini badala ya kupanda. Maana yake miguu haikusukuma, na nyonga zilikuwa chini. Angeendelea, utosi ungegusa kwanza na viwiko vingekunjika. Sikumsukuma makalio, ingawa ndivyo mkono unavyotamani kufanya, kwa sababu kusukuma huongeza kasi na shingo hubaki palepale. Nilizuia paja, nikamrudisha taratibu kwenye kuchuchumaa, nikaongeza mwinuko wa godoro, kisha nikamfanyisha mara tano zoezi la kuinua makalio tu huku viganja viko chini. Alibingirika kipindi kilichofuata.

Wanafunzi wasikingane wao kwa wao katika zoezi hili. Kwa darasa la watoto 40 na mwalimu mmoja, hiyo ina maana kwamba mteremko mmoja tu ndio unaotumika, nawe hutoki hapo. Wengine wanafanya kutua chini na bembea, mazoezi ambayo hayahitaji mikono yako. Panga kila kundi mahali utakapoliona bila kugeuza mgongo.

Mtoto aliyezaliwa na hali ya Down habingirishwi mpaka daktari aridhie, kwa kuwa pingili za juu za shingo yake zinaweza kuwa na ulegevu usioonekana kwa macho. Na mtoto yeyote akilalamika maumivu ya shingo, ganzi au vidole kuchomachoma, asiinuliwe: abaki alivyolala, shika kichwa chake kisitikisike, wengine waondolewe, na msaada wa tiba uitwe.

Kuondoa mikono

Mikono haiondolewi kwa mara moja. Nikihisi kwa mara tatu mfululizo kwamba paja la mwanafunzi linapita kiganjani bila kunipa uzito, naondoa mkono wa kulia kwanza na kuacha ule wa kisogoni. Nikiona kitambaa hakidondoki kwa mara tatu nyingine, naondoa na huo, lakini goti langu linabaki pale pale chini, ubavuni mwake, mpaka abingirike kwenye godoro lililo sawa bila mteremko na kusimama bila kutumia mikono.