Paa linavuja na mwenye nyumba hajali: jinsi ya kupeleka lalamiko, ukiwa Mbeya

Mvua za Mbeya huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo bati lililotoboka Desemba haliwezi kungoja kiangazi. Tumchukue mpangaji wa chumba kimoja huko Ilomba, kwenye nyumba ya vyumba sita. Kodi yake ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na ameshalipa miezi sita. Maji yanapita darini na kushuka ukutani hadi kwenye godoro. Kila akipiga simu, mwenye nyumba anajibu, "Fundi anakuja kesho."

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inamwekea mwenye nyumba wajibu huu hata kama mkataba haukuutaja. Chumba au nyumba ya kuishi lazima ifae kukaliwa na binadamu siku unapoingia, na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Ukipanga sehemu tu ya jengo, kama huyu wa Ilomba, basi paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji na njia mnazotumia wote ni juu ya mwenye nyumba. Kitasa ulichokivunja mwenyewe ni chako.

Anza na barua, japo ya mistari mitano. Weka tarehe, taja chumba, eleza kasoro na siku ilipoanza, kisha toa muda: "Naomba paa litengenezwe ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii." Andika nakala mbili, na yako asaini kuwa ameipokea. Akikataa kusaini, mpelekee mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, au piga picha ya barua na kumtumia kwa WhatsApp, ujumbe ukae kwenye simu. Piga na picha za ukuta mvua inaponyesha, maana likishawaka jua doa halionyeshi maji yalivyokuwa yanatiririka.

Wakati huo kodi endelea kulipa, tena kwa njia inayoacha kumbukumbu. Wengi hapa ndipo wanapoharibu. Mtu anagoma kulipa kwa hasira, halafu mbele ya baraza mdaiwa anakuwa yeye, na mwenye nyumba amepata sababu ya kumtoa. Vivyo hivyo ukiita fundi mwenyewe: usikate gharama kwenye kodi kabla hamjakubaliana kwa maandishi.

Siku 14 zikipita kimya, nenda Baraza la Kata ya mahali nyumba ilipo, hata kama mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam. Mwone katibu wa baraza. Lalamiko unaweza kulisema kwa mdomo likaandikwa, ila mimi ningelipeleka limeandikwa na kubaki na nakala yenye muhuri na tarehe. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hili halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Mkielewana, hakikisha makubaliano yanataja kazi yenyewe na siku ya mwisho ya kuikamilisha. Msipoelewana, omba cheti kinachosema usuluhishi umeshindikana. Na siku 30 zikiisha bila usuluhishi, unaruhusiwa kusonga mbele bila cheti. Ndiyo maana ya ule muhuri wa tarehe.

Hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Maombi yake yanataka majina na anuani za pande zote mbili, mahali nyumba ilipo, kiini cha mgogoro, makadirio ya thamani ya unachodai, na nafuu unazoomba. Kwenye nafuu wengi huandika "naomba haki yangu" na kuishia hapo. Wetu wa Ilomba aandike hivi: mwenye nyumba aamriwe kutengeneza paa, arudishe nusu ya kodi ya miezi minne ambayo nusu ya chumba haikukalika, yaani shilingi 80,000, alipe godoro lililooza, shilingi 120,000 kwa risiti ya dukani. Jumla anadai shilingi 200,000 pamoja na matengenezo. Aambatishe mkataba, kumbukumbu za malipo ya kodi, barua, picha na cheti cha kata. Kama mkataba ulikuwa wa mdomo, malipo na majirani watathibitisha kuwa ni mpangaji.

Mwenye nyumba akitishia kukufungia mlango au kung'oa mabati kwa sababu umeshtaki, omba hapohapo zuio la muda hadi shauri liishe.

Kama tatizo ni choo kilichojaa na kufurika uani, pita pia kwa afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inahusu kero za namna hiyo, na mara nyingi ilani ya afisa afya humwamsha mwenye nyumba mapema kuliko wito wa baraza.

Usiporidhika na uamuzi wa wilaya, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Mbeya na Iringa.