Kabla hujaandika falsafa yako ya uuguzi

Tamko la falsafa binafsi ya uuguzi ni ukurasa mmoja, ukizidi sana miwili, ambamo unaeleza unaamini nini kuhusu mgonjwa na kazi yako, na jinsi imani hiyo inavyoonekana ukiwa zamu. Nimesahihisha mengi ya wanafunzi wa stashahada na shahada. Mabaya yanafanana: mwandishi alikaa mezani hana tukio lolote kichwani, basi akajaza ukurasa kwa huruma, upendo na wito aliokuwa nao tangu utotoni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Anza kwa kujua nani atalisoma. Mwalimu wa somo la misingi ya uuguzi anataka kuona kama umeelewa dhana nne ambazo taaluma yetu imejengwa juu yake, yaani mtu, mazingira, afya na uuguzi wenyewe. Mpangilio huo wa dhana nne ulielezwa wazi na Jacqueline Fawcett mwaka 1984, na walimu wengi bado wanatoa alama kwa kuuangalia. Kamati ya udahili haina shida sana na dhana. Inataka kujua wewe ni muuguzi wa namna gani na kwa nini kozi ile inakufaa. Tukio moja linaweza kutumika kotekote, lakini uzito unabadilika, na anayetuma karatasi ya darasani kwenye maombi ya chuo hujulikana upesi: ana aya mbili za wananadharia na hakuna mgonjwa hata mmoja. Soma pia maelekezo ya idadi ya maneno. Wakisema 500, usipeleke 700 ukidhani bidii itaonekana.

Kisha tafuta tukio. Usianze na thamani, maana ukianza na neno "heshima" utaandika yale yale ambayo kila mtu ameandika. Jiulize ni mgonjwa gani aliyebadilisha namna unavyofanya kazi, hata kwa kitu kidogo. Tukio zuri si lazima liwe la kuokoa maisha. Mara nyingi yale ya kishujaa ndiyo dhaifu, kwa sababu daktari na timu nzima walikuwepo na mchango wako hauonekani.

Tuchukue mfano tuufuate hadi mwisho. Muuguzi wa stashahada anafanya kazi kliniki ya kisukari katika hospitali ya wilaya. Anakuja mama wa makamo, muuza mboga, sukari 22. Kwenye faili, ziara mbili zilizopita, imeandikwa kwamba mgonjwa hafuati matibabu. Muuguzi anamuuliza, "Mama, insulini unaiweka wapi nyumbani?" Inabainika kwamba mama hana friji. Chupa anaiacha kwa jirani mwenye friji, na jirani anafunga mlango alfajiri kwenda kazini, anarudi usiku. Dozi ya asubuhi hurukwa karibu kila siku. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Muuguzi anamweleza kwamba chupa ambazo hazijafunguliwa ndizo zinazohitaji ubaridi wa friji, nyuzi 2 hadi 8, na zisigande kamwe. Ile anayoitumia, kwa aina nyingi za insulini, inaweza kukaa nje ya friji takriban siku 28, mradi iwe mahali pa ubaridi na kivulini kama karatasi ya dawa inavyoelekeza. Anamwonyesha namna ya kuihifadhi kwa chungu kidogo kilichowekwa ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, na kitambaa chenye maji juu, chupa ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. (Njia hii hufanya kazi vizuri penye hewa kavu. Pwani, wakati wa unyevu mwingi, maji hayakauki upesi na chungu hakipoi kama Dodoma, na muuguzi anayejua kazi yake atalisema hilo pia.) Halafu anampeleka kwa daktari na taarifa hii mpya, kwa sababu kubadilisha dozi si kazi yake.

Sasa tazama kilichomo. Mtu ni mama mwenye biashara na jirani, si sukari 22. Mazingira ni nyumba isiyo na friji na joto la mchana. Afya ni uwezo wa kuamka, kuchoma sindano na kwenda sokoni bila kizunguzungu. Uuguzi ni lile swali, maelekezo ya chungu, na kujua mahali pa kumkabidhi kwa daktari. Dhana nne zimetoka zenyewe kwenye tukio moja. Ukilazimika kutafuta tukio tofauti kwa kila dhana, huenda bado hujapata lile lililo lako.

Hapo ndipo unapotafuta thamani, na chagua mbili, tatu zikizidi. Ukikosa mahali pa kuanzia, kuna orodha zinazotambulika. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2021, zinamwekea muuguzi wajibu kwa mgonjwa, kwa kazi, kwa taaluma na kwa afya ya dunia. Vyuo vya Marekani, kwa wanaoomba huko, vimezoea orodha ya thamani tano: kujitoa kwa ajili ya wengine, uhuru wa mgonjwa kuamua, utu, uadilifu na haki katika jamii. Usiziandike zote tano. Tukio letu linabeba utu, kwa sababu muuguzi alimuuliza mama badala ya kumhukumu kwa faili. Linabeba pia haki, kwa sababu mpango wa matibabu uliandikwa kama vile kila nyumba ina friji.

Lakini thamani huonekana hasa inapogongana na nyingine, na hapa ndipo wasomaji wa maombi hukaza macho. Tuseme mama yule anaomba bintiye, anayelipia bima na kumsindikiza kliniki, asijue kwamba dozi zimekuwa zikirukwa. Kutunza siri ni wajibu. Usalama wa mama nao ni wajibu, na binti ndiye angeweza kusaidia nyumbani. Muuguzi anamweleza mama hatari ya kuendelea peke yake, anamwomba ruhusa ya kumfundisha binti kuhifadhi dawa bila kutaja yaliyopita, na mama anakubali hilo tu. Tamko linaloeleza uamuzi wa namna hii, pamoja na kile ambacho muuguzi hakufanikiwa, lina nguvu kuliko aya tatu za sifa.

Nadharia inakuja baada ya hapo, ikifuata tukio. Kwa mama wa insulini, Dorothea Orem anafaa moja kwa moja: kwake uuguzi unaingia pale uwezo wa mtu kujihudumia usipotosheleza mahitaji yake, na kazi ni kuziba pengo hilo, siyo kumfanyia kila kitu. Kama tukio lako ni la kukaa na mgonjwa anayekata roho, Jean Watson na nadharia yake ya utunzaji wa kibinadamu atakuwa karibu zaidi. Kama ni la mila za uzazi au chakula cha mgonjwa, Madeleine Leininger. Florence Nightingale hutajwa na karibu kila mtu. Mtaje kama kweli unazungumzia hewa, mwanga, usafi na kelele za wodini, vinginevyo mwache apumzike. Mwananadharia mmoja anatosha. Dalili ya nadharia iliyobandikwa ni hii: ifute aya yake, kisha usome tena. Kama hakuna kilichopungua, haikuwa na kazi.

Kabla ya kuandika, safisha tukio. Ondoa jina, kijiji, tarehe, namba ya kitanda, na jina la hospitali kama mgonjwa anaweza kutambulika. Mahali padogo, "mwalimu mkuu aliyejifungua mapacha mwezi wa tatu" ni jina tayari. Ukibadilisha jambo lisilo muhimu ili kumficha mtu, ni sawa, lakini usibuni tukio zima. Kwenye usaili watakuuliza mama alijibu nini, ulimwandikia nini kwenye faili, na daktari alisema nini, na mtu aliyebuni huanza kujikanyaga kwenye swali la pili.

Mgawanyo wenyewe sasa ni rahisi. Kwa maneno 500, mimi hushauri kama 60 ya mwanzo yaseme uuguzi ni nini kwako, kwa sentensi mbili. Tukio pamoja na thamani zake vichukue kama 220, ndiyo nyama. Dhana nne na nadharia, 120. Yanayobaki yaseme mipaka yako na unachokwenda kujifunza: kwa mfano, kwamba unaweza kumfundisha mgonjwa mmoja lakini hujui namna ya kubadilisha utaratibu wa kliniki nzima, ndiyo maana unaomba shahada ya uuguzi wa jamii. Hapo ndipo jina la kozi linapoingia, likiwa na sababu. Kwa karatasi ya darasani, punguza sehemu hiyo ya mwisho, uwape dhana nne nafasi zaidi.

Linganisha mianzo miwili. Wa kwanza: "Naamini uuguzi ni wito wa kuhudumia wagonjwa kwa upendo, heshima na huruma bila ubaguzi." Wa pili: "Naamini mgonjwa anayeandikwa kuwa hafuati matibabu mara nyingi ana sababu ambayo hatujamuuliza, na kazi yangu ya kwanza kama muuguzi ni kuuliza hadi niifikie." Wa pili unaweza kupingwa, na msomaji anasubiri ushahidi. Kipimo ninachotumia ni kuweka "mwalimu" mahali pa "muuguzi" na "mwanafunzi" mahali pa "mgonjwa". Sentensi ya kwanza haitikisiki hata kidogo, inafaa hata polisi. Ya pili inaanza kuyumba kwenye neno "matibabu".

Mwisho, mpe muuguzi mwenzako uliyefanya naye zamu asome, siyo ndugu yako. Mwombe aweke alama pale anapoona siyo wewe. Akisimama kwenye "daima" au "kila mgonjwa bila ubaguzi wowote", anakumbuka ile zamu ya usiku mlipokuwa wawili kwa wagonjwa arobaini, na ana haki. Andika ulichofanya usiku ule, ulimwendea nani kwanza na nani alisubiri, halafu useme kwa nini.