Kupigia hesabu rangi na marumaru za chumba kimoja, kabla ya kwenda dukani

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.8, chenye mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2. Kuta zimeshapigwa puti na msasa.

1. Sakafu kwanza. Eneo ni mita za mraba 14. Marumaru ya sentimita 40 kwa 40 ina 0.16, kwa hiyo wengi hugawanya na kupata 88. Hapo ndipo fundi anapokwama siku ya mwisho, kwa sababu marumaru hupangwa kwa mistari. Upande wa mita 4 unaingia 10. Upande wa 3.5 unaingia 8 nzima na moja ya kukata, yaani mistari 9. Unahitaji 90.

2. Skatingi. Mzunguko wa chumba ni mita 15; toa mlango, zinabaki 14.1. Ukikata kona kwa kona, utahitaji vipande kama 36 vya kimo cha sentimita 10. Usianze kukata marumaru nzima: mstari wa tisa unaacha mabaki 10 ya upana wa sentimita 12 hivi, na hayo yanatosha kuwa skatingi, mradi ukingo uliokatwa uelekee chini. Vilivyobaki 26 vinatoka kwenye marumaru 7.

Jumla 97. Ongeza 5 za kuvunjika, zinakuwa 102. Boksi likiwa na 12, nunua 9. Zitakazobaki zihifadhi kwa matengenezo. Hesabu ya boksi hutofautiana, kwa hiyo soma idadi juu yake.

3. Rangi. Kuta ni 15 × 2.8 = 42. Toa mlango, madirisha na skatingi: zinabaki kama 35. Mikono miwili ni 70. Kwa ukuta wenye puti, lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 9 za mraba, hivyo unahitaji lita 7.8. Makopo mara nyingi huandika zaidi, lakini kipimo hicho ni cha ukuta laini usionyonya. Plasta tupu hunywa rangi, na rangi nyepesi juu ya nzito huenda ikadai mkono wa tatu.

Praima ni mkono mmoja: 35 ÷ 9, karibu lita 4.

4. Orodha ya dukani

- Marumaru 40×40: boksi 9
- Gundi ya marumaru, mifuko ya kilo 20: 4 (kilo 5 kwa mita ya mraba, skatingi ikiwemo)
- Grauti: kilo 4, kwa nafasi za milimita 3
- Spesa za milimita 3: pakiti 1
- Praima: kopo 1 la lita 4
- Rangi ya maji: makopo 2 ya lita 4 na 1 la lita moja, la kugusia
- Rola 1, brashi 1, tepu ya karatasi

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya toleo na ya kivuli cha rangi kwenye kila boksi la marumaru. Zikitofautiana, mstari mmoja utaonekana mweusi kuliko mwenzake mwanga wa dirisha ukipita, na hakuna dawa yake baada ya gundi kukauka. Rangi iliyochanganywa dukani nayo ichanganywe yote mara moja.