Somo: Karuseli ya orodha kuanzia ndoano hadi slaidi ya mwisho, kwa mfano wa doti za khanga

Karibuni. Wengi mmeomba somo la karuseli za orodha, zile picha za kuswaipu kwenye Instagram zenye "mambo 5" au "makosa 7". Nitatumia moja tu niliyoitengeneza kwa ajili ya duka la khanga la shangazi yangu, tuipitie slaidi kwa slaidi. Ina slaidi saba: moja ya ndoano, tano za orodha, moja ya kufunga.

Hatua ya 1: Andika slaidi ya mwisho kwanza

Najua inaonekana kinyume, lakini hapa ndipo karuseli nyingi zinapoharibika. Mtu anaandika kichwa, anajaza orodha, akifika mwisho hana la kusema, anaweka "Asante, nifuate kwa mengi zaidi". Aliyeswaipu mara sita anakuta mlango umefungwa.

Slaidi ya mwisho inaridhisha pale inapojibu swali lililofunguliwa na slaidi ya kwanza. Kwa hiyo nilianza na jibu. Shangazi alikuwa na doti mbili zinazofanana rangi, bei ile ile. Ukizigeuza, moja rangi yake imepenya hadi nyuma, nyingine nyuma yake imepauka kama imeshafuliwa mara kumi. Nikazipiga picha mbili bila kuzisogeza: moja zikionyesha mbele, nyingine pembe zote mbili zikiwa zimegeuzwa. Picha ya pili ndiyo slaidi ya 7, na maneno yake ni haya:

> Ni ya kushoto. Mgongo wake ndio uliosema.
> Soma, fuata, kunja, geuza, sugua, ndipo ulipe.

Mstari wa kwanza unatoa jibu. Wa pili unakusanya orodha nzima kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyakumbuka akiwa amesimama dukani, na huo ndio unaomfanya aisevu posti.

Hatua ya 2: Ndoano

Kichwa changu cha mwanzo kilikuwa "Mambo ya kuzingatia unaponunua khanga". Hakina kosa la lugha, ila hakimdai msomaji chochote. Anajua tayari kwamba kuna mambo ya kuzingatia, na kidole kinapita. Nilikibadilisha kikawa hivi, juu ya ile picha ya doti mbili upande wa mbele:

> Doti mbili, bei moja. Moja itachujuka.
> Vipimo 5 kabla hujalipa

Tazama kinachofanyika. "Bei moja" na "moja itachujuka" vinagongana, na jicho linaanza kutafuta ni ipi. Picha imempa msomaji kazi kabla hajaswaipu. Namba 5 inamwambia safari si ndefu. "Kabla hujalipa" inamtaja yeye na wakati wake, si khanga kwa jumla.

Mpaka wa ndoano ni huu: usiahidi usichokuwa nacho. Kama nisingekuwa na picha ya doti zikiwa zimegeuzwa, nisingekuwa na haki ya kuandika "moja itachujuka".

Hatua ya 3: Vipengele vizungumze kwa mdomo mmoja

Orodha yangu ya mwanzo, kama nilivyoiandika kwenye daftari:

> Jina la khanga
> Angalia kama pindo limenyooka
> Mji uwe katikati
> Kugeuza nyuma
> Je, inachuja rangi?

Hapo kuna nomino, amri, "uwe", "kugeuza" na swali. Kila slaidi inamlazimisha msomaji aanze upya kuelewa anaambiwa nini. Kila kimoja kinaeleweka peke yake, lakini vikipangwa pamoja vinakwaruza.

Dawa ni kuchagua umbo moja na kulishikilia. Kichwa kikisema "Sababu 5", kila kipengele kiwe sentensi kamili. Kikisema "Vitu 5", viwe nomino. Mimi nilisema "Vipimo", yaani kitendo cha mkono, basi nikachagua amri ya umoja. Kwa Kiswahili chunga sana hapa, maana ni rahisi kuteleza kutoka "geuza" kwenda "geuzeni", kisha "ugeuze", kisha "usisahau kugeuza", zote katika orodha moja.

Baada ya umbo nikahesabu mizani, kama tunavyohesabu kwenye shairi. Si lazima zilingane kabisa, lakini zikikaribiana sikio linatulia. Hizi zimetoka nane nane:

> 1. Soma jina hadi mwisho
> 2. Fuata pindo kwa jicho
> 3. Kunja mji katikati
> 4. Geuza uone nyuma
> 5. Sugua pembe kwa maji

Chini ya kila amri kuna sentensi moja au mbili, nazo pia zina mpangilio: kwanza namna ya kufanya, kisha dalili ya ubovu. Slaidi ya geuza inasema: "Linganisha mbele na nyuma kwenye mwanga wa nje. Nyuma ikiwa nyeupe nyeupe, rangi imekaa juu tu." Ya sugua: "Omba ruhusa, chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua pembe. Rangi kidogo ni kawaida kwa khanga mpya, kitambaa kikigeuka rangi kabisa, iache." Kipimo cha kwanza kikiwa na dalili na cha pili hakina, msomaji anahisi umechoka njiani.

Hatua ya 4: Mpangilio, hasa slaidi ya pili

Instagram humrudishia mtu karuseli ambayo aliipita bila kuswaipu, na mara nyingine humwonyesha ikianzia slaidi ya pili. Kwa hiyo slaidi ya pili ni ndoano ya akiba, na lazima ieleweke hata kwa ambaye hakuona ya kwanza. Ndiyo sababu sikuanza na pindo, ingawa wanunuzi wengi huanza hapo. Nilianza na jina:

> Soma jina hadi mwisho
> Zawadi ya mama mkwe isije ikasema "Hasidi hana sababu".

Dada zangu walipoiona walicheka, na mwenye kucheka anaswaipu. Kuhusu pindo na mji nilipita haraka: pindo lililo jembamba upande mmoja litaliwa na upindo wa cherehani, na mji ukikunjwa usipogawanyika sawa, khanga itavaliwa ikiwa imepinda. "Geuza" nikaiweka karibu na mwisho kwa sababu ndiyo yenye jibu. Lakini kwenye slaidi hiyo nilitumia doti nyingine kabisa. Ningeweka zile mbili za mwanzo, jibu lingetoka mapema na slaidi ya mwisho ingebaki tupu.

Hatua ya 5: Kutengeneza

Kwenye Canva fungua ukubwa wa 1080 x 1350. Slaidi zote ziwe ukubwa huo huo, kwa sababu karuseli hufuata umbo la picha ya kwanza na zingine hukatwa zilingane nayo. Tengeneza slaidi moja ya kipengele mpaka uipende, kisha inakili mara nne na ubadilishe maneno na picha tu. Amri ikae mahali pale pale kila mara, macho yasitafute. Acha nafasi ya kutosha pembeni, maana kwenye ukurasa wa profaili picha hupunguzwa kingo. Halafu ishike simu kwa mkono ulionyooka. Usichokisoma bila kuivuta karibu, kikuze au kifute.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tanga: Mwalimu, nina vipengele 12. Instagram si inaruhusu slaidi 20? Niweke vyote?

Inaruhusu, ndiyo. Lakini jaribu hivi, dada: funika kipengele kimoja kwa kidole, soma vingine. Kama hakuna kilichopungua, kitoe. Mimi nilikuwa na cha sita, "Pima urefu wa doti", nikakitoa kwa sababu mtu dukani hana futi. Vikibaki vingi vya kweli, angalia kama havina karuseli mbili ndani yake. Vya khanga vingegawanyika kwenye kununua na kufua.

Mwanachama, Mombasa: Zangu hazitaki kulingana kabisa. Kichwa ni "Sababu 4 mahamri yako hayafuri". Orodha: Hamira mbovu. Maji ya moto sana. Kutosubiri. Usikaange kwenye mafuta baridi.

Kichwa chako kinaomba sababu, na cha nne umetoa katazo. Rudi kwenye umbo moja: kitu, kisha kilichokipata.

> Hamira imekufa
> Maji yameiunguza
> Unga haujaumuka
> Mafuta hayajashika moto

Kipimo chake: soma kichwa, weka neno "kwa sababu", kisha soma kipengele. "Mahamri yako hayafuri kwa sababu unga haujaumuka." Inakubali. "Kwa sababu usikaange" inagoma mdomoni. Ila angalia cha pili: "yameiunguza" kinaitegemea hamira ya slaidi iliyotangulia, nacho ndicho slaidi yako ya tatu. Kama unataka kila slaidi ijitegemee, andika "Maji yameua hamira", na cha kwanza kiwe "Hamira imezeeka". Kwa slaidi yako ya mwisho, piga picha ya andazi lililofura limepasuliwa katikati, uwazi wake uonekane.

Mwanachama, Dodoma: Nitajuaje kama ndoano imeshindwa au mwisho ndio umeshindwa?

Soma maoni kabla ya namba. Watu wakiandika "ya kushoto" au "ya kulia", ndoano imeshika. Wakiuliza jambo ambalo limejibiwa slaidi ya tano, hawakufika huko. Kisha fungua takwimu za posti: ukiona imependwa sana lakini waliosevu ni wachache, mara nyingi mwisho hauna kitu cha kubeba. Badilisha slaidi ya mwisho peke yake katika karuseli inayofuata, mengine yaache, vinginevyo hutajua kilichosaidia.

Mwanachama, Muscat: Naweza kuweka slaidi hizi hizi kwenye status ya WhatsApp?

Unaweza, ila status inajiendesha yenyewe, mtu haswaipu kwa hiari yake na picha haikai muda mrefu. Baki na amri tupu, ondoa maelezo ya chini. Na "Doti mbili, bei moja" ifuatwe na "Jibu ni picha ya 7", ili mtu ajue kuna kitu cha kusubiri.

Mwanachama, Mwanza: Shangazi yangu naye ana duka, na anataka namba ya simu na bei kwenye slaidi ya mwisho. Nimkatalie?

Usimkatalie, ndiye mwenye duka. Wangu pia alitaka. Tuliafikiana hivi: bei zikae kwenye kapsheni, namba ikae chini kabisa ya slaidi ya 7, mstari mmoja, herufi ndogo kuliko jibu. Nilimwonyesha matoleo mawili kwenye simu yake, moja namba ikiwa kubwa katikati na khanga zimefunikwa nusu. Alilitazama akasema, "Hapa hata mimi sioni ipi inachuja."