Somo: Uji vikombe vinne haumtoshi mama anayenyonyesha

Mwezi uliopita nilikwenda Newala kumtazama mdogo wangu, mtoto akiwa na wiki tatu. Nikamkuta chumbani na kikombe cha uji mwepesi wa pilipili manga. Mayai kakatazwa, samaki kakatazwa, kunde kakatazwa, maji ya mtungi ndiyo usiseme. Mama mkwe wake hana ubaya, ndivyo naye alivyouguzwa. Ila mdogo wangu akisimama anashika ukuta. Hesabu tuliyoipiga siku ile mkekani ndiyo somo la leo.

Hatua ya 1: Hesabu alichokula jana. Usimuulize "unakula vizuri?", maana atakuitikia tu. Mwambie akutajie kimoja kimoja. Wangu alitaja uji vikombe vinne, ugali mchana na usiku, na mchicha wa kuchemsha. Uji mwepesi hata ukitiwa sukari hauzidi sana kalori 100 kwa kikombe, kwa kuwa karibu wote ni maji. Ugali ule, kwa makadirio, ulimpa kama 1,100. Siku nzima hakufika 1,600.

Mwanamke wa umbo lake huhitaji kama 2,100 kabla hata ya kunyonyesha, na maziwa yanadai nyongeza ya kama 500. Upungufu huo mwili unaujazia kwenye akiba yake. Ndiyo maana maziwa hayakauki haraka, na watu wanadhani mambo ni shwari, kumbe anayekwisha ni mama.

Hatua ya 2: Ongeza bila kuondoa uji. Hapa usianze ugomvi na bibi. Uji ubaki, ila uwe mzito kidogo na utiwe korosho zilizokaangwa na kutwangwa. Nunua zilizovunjika, bei yake ni nafuu. Kiganja kimoja, kama gramu 30, kina kalori 165 hivi. Tulitia viganja viwili kwa siku, tukaongeza mayai mawili (150), ndizi moja (100), bakuli la kunde (200) na tui la nazi kwenye mchicha. Nyongeza ikapita 780, na sufuria ni zile zile.

Kizunguzungu sikukiachia chakula peke yake. Nilimpeleka apimwe wingi wa damu, kwa sababu aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua hatibiwi kwa korosho.

Hatua ya 3: Maji, kikombe kila anaponyonyesha. Mtoto akianza kuvuta, mama wengi hushikwa na kiu papo hapo. Basi kikombe kiwe kimeshawekwa kando. Mtoto hunyonya mara 8 au zaidi kwa siku, kwa hiyo lita mbili zinapatikana, na supu juu yake. Newala maji ni ya shida, najua, lakini ya kunywa ya mzazi yatengwe kwanza kabla ya ya kufulia. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, bado hajanywa vya kutosha. Kujilazimisha kupita kiu hakuongezi maziwa. Kinachoyaongeza ni mtoto kunyonya mara kwa mara na titi kumalizika.

Hatua ya 4: Miiko, mmoja mmoja. "Maji baridi yatapoza maziwa." Maziwa hutengenezwa ndani ya titi na yana joto la mwili, hata mama akinywa ya barafu. "Kunde zitamjaza mtoto gesi." Gesi ya kunde hutokea kwenye utumbo wa mama na haisafiri hadi kwenye titi. Mayai na samaki ndiyo hasara kubwa zaidi, kwa sababu baadhi ya vitamini, kama B12, zikipungua kwa mama hupungua na kwenye maziwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Masasi: *Dada, wifi yangu akila dagaa mtoto anatoka vipele. Aache?*
Vipele vya wiki za mwanzo mara nyingi huisha vyenyewe. Wachache kweli hudhurika na chakula fulani anachokula mama, na dalili zake ni kama damu kwenye choo au ukurutu usiokwisha. Hapo nendeni kliniki. Mkishauriwa kuacha, aache kitu kimoja kwa wiki mbili, kisha akirudie muone. Asiache vyote kwa pamoja.

Tandahimba: *Shikamoo. Kwetu msimu wa mabibo mzazi hupewa uraka kidogo ili maziwa yashuke. Ni sawa?*
Marahaba. Hapana. Pombe huzuia maziwa kushuka, tena huingia ndani yake. Juisi ya mabibo yaliyokamuliwa siku hiyo hiyo haina neno.

Lindi mjini: *Nitajuaje mtoto anashiba? Analia sana jioni.*
Kilio cha jioni hakitoshi kuwa ushahidi. Hesabu nepi: kuanzia siku ya tano, zilizolowa mkojo zifike sita au zaidi kwa saa 24. Halafu tazama kadi ya kliniki, uzito wa kuzaliwa uwe umerudi kufikia wiki ya pili. Kimojawapo kikikosekana, mpeleke kesho asubuhi. Akiwa amelegea au hataki kunyonya, usingoje kesho.