Kumtia matone ya macho mtoto msumbufu au mzee anayetetemeka, na kupanga dawa mbili

Bibi mmoja mwenye presha ya macho aliniletea kichupa kitupu cha latanoprosti siku ya 16 tangu akifungue. Kichupa kile ni cha mililita 2.5, na kinatoa matone yapatayo 80. Alikuwa ameandikiwa tone moja kila jicho, kila usiku. Matone mawili kwa siku yangemfikisha siku 40. Nikamuuliza, "Bibi, ukitia unahesabu?" Akajibu, "Mjukuu wangu, mkono wangu unatetemeka. Natia mpaka nihisi jicho limelowa." Piga hesabu mwenyewe: 80 kwa siku 16 ni matone matano kila usiku, na presha ya macho yake bado haikuwa imeshuka. Mengi yalikuwa yanaishia shavuni.

Kabla ya hatua zenyewe, elewa jambo moja, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Kati ya kope la chini na jicho kuna kifuko kidogo kinachobeba takriban mililita 0.03 tu. Tone moja la dawa ni kiasi hicho au zaidi kidogo. Kwa hiyo tone moja likiingia, kifuko kimejaa. La pili halina pa kukaa: litamwagika nje, au litapita kwenye mrija wa machozi ulio kona ya ndani, lishuke puani na kooni. Ndiyo maana wengine huhisi uchungu mdomoni baada ya kutia dawa.

Maandalizi

Nawa mikono. Soma jina la dawa kwenye chupa, maana vichupa hivi hufanana sana. Kama maelezo yanasema itikiswe, itikise, kwa kuwa dawa yake imetuama chini na bila kutikisa unatia maji tu. Kama jicho lina tongo, lifute kwa pamba safi iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka kona ya ndani kwenda nje, na kila jicho lipate pamba yake. Mwenye lenzi za kuvaa azitoe kwanza.

Mtoto asiyetulia

Usishindane naye kulifungua jicho. Akikaza kope utaumia wewe, ataumia yeye, na machozi ya kulia yataifukuza dawa hata ikiingia. Mimi hutumia njia ya jicho lililofumbwa.

1. Mlaze chali kabisa, bila mto, uso ukitazama juu. Hili ndilo watu hulikosea: kichwa kikiinama upande mmoja hata kidogo, tone linateleza kuelekea sikioni.
2. Mwambie afumbe macho. Kwa wengi hilo ni rahisi, kwa sababu ndicho anachokitaka.
3. Dondosha tone moja kwenye kona ya ndani, pale kope zinapokutana karibu na pua. Ncha ya chupa isiguse ngozi wala nywele za kope, isije ikabeba vijidudu kurudi ndani ya dawa.
4. Kaa kimya, subiri. Akipepesa au akifumbua, tone linatiririka lenyewe kuingia. Anayekataa kufumbua, livute kope la chini taratibu kwa kidole.
5. Akishapepesa, futa kilichobaki nje.

Mtoto mchanga mviringishe kwenye shuka, mikono ikiwa ndani. Wa miaka miwili au mitatu anayepigana, kaa sakafuni unyooshe miguu yako, mlaze kichwa chake kiwe katikati ya mapaja yako na mikono yake iwe chini ya mapaja yako, bila kumkandamiza. Mikono yako miwili inabaki huru. Kama analia sana, mwache atulie kwanza. Na mtoto aliyelala usingizi pia anaweza kutiwa: shusha kope la chini polepole, tone liingie.

Huna hakika kama limeingia? Kwa dawa nyingi, tia tone moja jingine, basi. Ila kwa atropini, ile ya kupanua mboni, usirudie kwa kubahatisha. Ikizidi mwilini mwa mtoto huonekana: uso unakuwa mwekundu na wa moto, mdomo unakauka, moyo unakwenda mbio, anahangaika. Ukiona hivyo, acha dawa umpeleke hospitali mara moja.

Mzee anayetetemeka

Kosa kubwa ni kushikilia chupa hewani. Mkono usioegemea kitu hutetemeka peke yake, na jicho halitetemeki nao. Mkono ukiegemezwa usoni, uso na chupa husogea pamoja, na shabaha haipotei.

Alale chali, au akae kwenye kiti chenye mahali pa kuegemeza kichwa. Mkono mmoja aukunje ngumi, auweke kwenye mfupa wa shavu, na kwa kidole cha shahada alivute kope la chini. Mkono wenye chupa aukalishe juu ya ngumi hiyo. Atazame juu, abonyeze mara moja, afumbe jicho bila kulikaza. Asiyeweza hata hivyo atumie ile njia ya mtoto, na wengi nimewaona wakiipenda zaidi. Kama vidole havina nguvu ya kubonyeza, mtu mwingine ndiye atie.

Kisha, na hapa sipunguzi neno: abonyeze kwa kidole kona ya ndani ya jicho, karibu na pua, dakika mbili. Mrija wa machozi unazibwa na dawa inabaki jichoni. Kwa timololi, dawa nyingine ya presha ya macho, hili ni muhimu mno, kwa sababu ikiingia kwenye damu inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kubana kifua. Mwenye pumu au mapigo ya polepole amweleze daktari kabla ya kuitumia.

Dawa mbili kwa jicho moja

Ukitia ya pili papo hapo, inaisukuma ya kwanza nje. Kati ya dawa hizo acha dakika tano angalau. Mpangilio ni huu: iliyo maji matupu kwanza, ya kutikiswa baadaye, na dawa ya mafuta mwisho kabisa. Mafuta yakitangulia, yanaweka utando ambao tone haliupenyi vizuri.

Bibi yule wa mwanzo alikuwa na mbili: timololi asubuhi na usiku, latanoprosti usiku tu. Tukampangia hivi. Saa tatu kamili usiku, timololi, tone moja kila jicho. Kisha anafumba na kubonyeza kona zote mbili kwa dakika mbili. Saa tatu na dakika kumi, latanoprosti kwa namna hiyohiyo. Nilichagua kumi badala ya tano ili mkono uliochoka upumzike. Nilimfungia uzi mwekundu kwenye kichupa cha pili, maana usiku maandishi hayaoni.

Akisahau ya asubuhi, aitie anapokumbuka. Ikiwa ya usiku imekaribia, aiache, asiunganishe mbili.

Tuliandika tarehe ya kufungua kwenye vichupa vyote viwili, kwa kuwa latanoprosti ikishafunguliwa hutupwa baada ya wiki nne. Aliporudi siku ya 28, alikuja na kichupa ambacho bado kilikuwa na dawa chini, na akaniuliza kama kweli lazima akitupe. Nikamwambia ndiyo, bibi, hiyo iliyobaki tuiache.