Kugawana bili yenye ada ya huduma bila kumuonea aliyekunywa chai

Juzi tulikula wanne kwenye mgahawa mmoja wa Dar es Salaam. Bili ikaja 132,000, mtu akasema tugawe kwa nne, 33,000 kila mmoja. Rafiki yetu aliyeagiza chai na sambusa za 8,000 alinyamaza tu. Nikaomba bili, nikatoa simu.

1. Andika alichoagiza kila mtu. Samaki na juisi 24,000, ugali kuku na soda 18,000, chai 8,000, kamba na vinywaji 40,000.

2. Vya pamoja wagawane waliokula. Mishikaki ya 30,000 ililiwa na watatu, kwa hiyo kila mmoja ni 10,000. Mwenye chai hakuigusa, hadaiwi. Sasa tuna 34,000, 28,000, 8,000 na 50,000, jumla 120,000.

3. Tafuta kizidisho. Chukua pesa mnayotakiwa kulipa, gawa kwa jumla ya vyakula:

```
132000 / 120000 = 1.1
```

Hapa ndipo nilipowahi kuharibu. Chini ya bili kuna mstari wa VAT, nami nikaujumlisha juu ya bei. Kumbe mgahawa ule, kama mingi ya hapa, ulikuwa umeshaiweka ndani ya bei za menyu, na mstari ule ulionyesha tu sehemu yake. Nilichangisha elfu ishirini na kitu za ziada, usiku mzima nikawa narudishia watu. Ndiyo maana sihesabu asilimia mojamoja. Kizidisho kinabeba kila kilichoongezwa kweli.

Lakini kina hatari yake: kinaficha makosa. Tungesahau juisi ya 6,000, jumla ingekuwa 114,000 na kizidisho 1.158. Hesabu ingefunga vizuri, ila juisi ya mtu mmoja ingelipwa na wote. Kwa hiyo kilinganishe na ada iliyoandikwa kwenye bili. Ada ni asilimia 10, kizidisho lazima kiwe 1.1. Kikizidi, kuna kitu hamjakiandika, au mmeandikiwa msichokula. Pitieni bili upya na mhudumu kabla hamjalipa. Kikipungua, kuna kitu mmekiandika mara mbili.

4. Zidisha. 37,400, 30,800, 8,800 na 55,000. Jumla 132,000.

5. Kusanya. Mimi napenda mmoja alipe yote, wengine wamtumie hapohapo mezani, pamoja na ya kutolea. Ukisema "nitakutumia kesho", aliyelipa ndiye anayebeba. Mkilipa taslimu, pandisheni hadi 500 ya karibu: 37,500, 31,000, 9,000 na 55,000. Inazidi 500, mpeni mhudumu mkononi, maana ada ya huduma inaingia kwa mgahawa na si lazima imfikie yeye.

Mwenye chai alitoa 9,000, akaagiza kikombe kingine.